Bei ya Vipande Thelathini

Neno lililomchosha Mwamvita kuliko kufunga mizigo, kuliko mtandao unaokatika na kuliko wateja wanaoandika "niko naangalia tu", lilikuwa hili moja: gros.

Mwamvita anauza vitenge kwa simu. Hana duka. Ana chumba kimoja cha mbele nyumbani kwake, hapa Kasongo, na waya aliokaza ukutani ili atundike kila kitenge kipya kinachofika kwa lori kutoka Kindu. Anakipiga picha, anaiweka kwenye statut yake ya WhatsApp, kisha anakaa kusubiri. Wanaomwandikia wako Nyangwe, Kabambare, Wamaza, na vijiji ambavyo hata yeye hajawahi kuvifikia. Na karibu wote, kabla salamu haijakauka, wanaandika: "Mama, unipe bei ya gros, miye pia ninauzaka."

Ukimuuliza mmoja wao anataka vipande vingapi, anajibu viwili.

Viwili! Mtu anataka vipande viwili vya yadi sita sita, anataka bei ya jumla, anataka vifike kwake Wamaza, na anataka rangi ambayo imeisha tangu wiki iliyopita. Mwamvita alikuwa akibishana naye asubuhi nzima, mwisho anachoka, anakubali dola kumi kwa kipande kilichomgharimu nane hadi kufika Kasongo. Halafu anatoa ada ya kupokea pesa kwa simu, plastiki ya kufungia, na saa zake. Bruno, mwendesha pikipiki anayebeba mizigo yake hadi upande wa Wamaza, anadai dola kumi na tano kwa safari, mzigo uwe wa vipande viwili au thelathini, kwa sababu matope hayaulizi umebeba nini. Mteja akisikia hizo kumi na tano anakimbia, na Mwamvita anabaki na kitenge kilichokwisha kukunjwa na asubuhi iliyokwisha kupotea.

Basi mwezi wa kwanza alikaa chini akaweka bei, kama watu wa maduka makubwa. Aliziandika vizuri, akazipiga picha, akaziweka hadharani kwenye statut. Kipande kimoja hadi tisa, dola kumi na mbili kila kimoja. Kumi hadi ishirini na tisa, bei ya demi-gros, yaani nusu jumla, kumi na nusu. Thelathini na kuendelea, gros yenyewe, tisa na nusu. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: mzigo wa nje ya Kasongo hautoki chini ya vipande kumi.

Ule mpango haukuwa wa kijinga, tusimwonee. Mzigo wa kumi unaigawa nauli ya pikipiki vizuri, dola moja na nusu kwa kila kipande. Wa thelathini unaigawa hadi nusu dola. Na kufunga thelathini mara moja ni kazi ndogo kuliko kufunga kumi mara tatu, kila aliyewahi kufunga mzigo anajua. Mwamvita alipumua. Mtu akiandika "gros" anamtumia ile picha, na mabishano yanaishia hapo. Kwa wiki mbili nzima alilala mchana kama mtu mwenye pensheni.

Mtu mmoja hakubishana hata kidogo. Ni Victorine wa Wamaza.

Victorine alikuwa mnunuzi wake wa kwanza nje ya mji. Wakati watu wote walikuwa wakisema pesa haitumwi kwa mtu usiyemjua sura, Victorine alituma, akapokea vitenge vyake, akaviweka kwenye meza yake sokoni Wamaza na kuviuza dola kumi na tatu. Tangu siku ile anachukua kumi, vikiisha anachukua kumi tena. Mwamvita mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo: "Usifunge pesa mu nguo, mama. Chukua kidogo kidogo." Bei yao ilikuwa kumi, ya mdomo, haikuandikwa popote. Ile picha ilipotoka, kumi yake ikawa kumi na nusu, kwa sababu vipande kumi ni demi-gros na picha haimjui mtu. Victorine aliandika maneno mawili tu, "Sawa mama," akatuma pesa kamili.

Mwamvita aliyasoma yale maneno mawili huku akijibu watu wengine. Hakuyafikiria tena.

Mwezi wa pili ukaja na homa yake ya tarehe nane Machi. Huku kwetu siku ya wanawake haiendi bila kitenge cha sare; chama kisichovaa namna moja kwenye gwaride ni heri kibaki nyumbani. Mama mmoja wa Wamaza aitwaye Mathilde akamwandikia Mwamvita, bila kusema kwamba ni mwenyekiti wa chama cha wanawake. Alitaka kile cha miavuli ya njano, vipande thelathini. Pesa ilifika siku hiyo hiyo, yote, bila neno la kupunguziwa. Mwamvita akatamani kumbusu kupitia simu. Alifunga mzigo huku akiimba, Bruno akaubeba, akarudi na matope hadi kiunoni na habari kwamba umefika salama.

Wiki tatu baadaye, mfungo wa Ramadhani umeshaanza, Bruno akasimamisha pikipiki mlangoni na mzigo nyuma. Ulikuwa mzigo wa Mwamvita, kwa kamba zake mwenyewe. Ndani mlikuwa na vipande vinane.

"Ni ya nani hii?" Mwamvita aliuliza.

"Ni ya Mama Victorine. Anarudisha." Bruno alijifuta uso kwa mkono, akazidi kuuchafua. "Alisema ukiweza umurudishie pesa. Ukishindwa, uache."

"Iko na mbaya? Imepasuka?"

"Hapana, mama. Nguo iko muzima. Ni yeye ameharibika kidogo."

Akamweleza pale pale mlangoni. Chama cha Mathilde kilikuwa na wanawake ishirini na saba, si thelathini. Lakini Mathilde alikuwa ameikazia macho ile picha ya bei kama mtu anayechambua mchele. Vipande ishirini na saba kwa kumi na nusu ni dola mia mbili themanini na tatu na nusu. Thelathini kwa tisa na nusu ni mia mbili themanini na tano. Kwa dola moja na nusu zaidi, unapata vipande vitatu. Nani angekataa? Wanawake wakagawana ishirini na saba, na vile vitatu vya bure wakaviuza sokoni kwa dola kumi na moja, hatua chache kutoka meza ya Victorine, ambako kitenge kile kile, miavuli ile ile, kilikuwa kumi na tatu.

"Wamama wakauliza," Bruno alisema. "Kama hii iko kumi na moja, ile ya Victorine inatoka mbinguni? Sasa wanamwita mwizi. Hata watoto. Anapita, wanasema, mwizi wa miavuli."

Mwamvita akaketi juu ya mzigo. Saumu ilikuwa imemkausha koo, na hesabu ikaanza kujipiga yenyewe kichwani bila kuombwa. Kumi na nusu aliyomtoza Victorine, na moja na nusu ya pikipiki, ni kumi na mbili. Chama cha Mathilde kilipata chao kwa tisa na nusu, na nusu dola ya pikipiki, yaani kumi. Victorine angeuza bila faida ya hata senti moja, bado angekuwa ghali kuliko watu waliokuja mara moja. Hakukuwa na bei ambayo Victorine angeweza kutaja isiyomfanya mwizi. Bei za Mwamvita zilihesabu ukubwa wa mzigo mmoja, basi. Hazikuuliza anayenunua anaenda kuvaa au anaenda kuuza, wala hazikujumlisha kumi na kumi na kumi za miaka miwili.

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akapiga simu. Ililia hadi ikakatika, akapiga tena, na tena. Mara ya nne Victorine akapokea.

"Mama Victorine, Bruno ameniambia. Sikujua kama wale ni chama. Niliona tu vipande makumi tatu."

Kuku alilia upande wa pili.

"Nimesikia," Victorine alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Uliona vipande makumi tatu. Na miye uliniuza kwa vipande makumi tatu."

Bruno, ambaye anaimba kwaya kila Jumapili na anajua nani aliuzwa kwa vipande thelathini vya fedha, alikuwa anasikiliza. Akageuka kuitazama pikipiki yake kana kwamba inamwita.

Siku ile Mwamvita alirudisha pesa ya vipande vinane, na ada akailipa yeye. Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, wakati ambao njaa imeshakata tamaa ya kukusumbua, alizipanga bei upya. Ile picha akaifuta kwenye statut. Hadharani akaacha bei moja tu: anayenunua kuvaa, dola kumi na mbili, awe mtu mmoja au wawe chama cha watu arobaini, na pikipiki juu yao. Bei ya wauzaji akaitenga. Hiyo hairushwi kwa kila jicho, inatumwa kwa mtu mwenye meza au duka linalojulikana, na anayemtambulisha ni Bruno au muuzaji mwingine aliyemwona kwa macho. Muuzaji analipa tisa na nusu. Kiwango cha chini kilibaki vipande kumi, kwa sababu hesabu ya pikipiki haikubadilika kwa ajili ya huruma ya mtu. Anayezidisha thelathini katika mzigo mmoja, kipande cha thelathini na moja na vinavyofuata ndivyo vinavyoshuka hadi tisa. Thelathini vya kwanza vinabaki palepale. Hivyo hakuna tena mahali ambapo mtu anaongeza dola moja na nusu na kuondoka na vipande vitatu.

Akazijaribu bei zake kwa Wamaza. Kwa Victorine, tisa na nusu na pikipiki ni kumi na moja. Akiuza kumi na tatu anabaki na mbili. Chama kikija, anaweza kushuka hadi kumi na mbili na bado akala, na chama kikipitia Kasongo kitalipa kumi na mbili na nusu. Sasa njia fupi ilikuwa inapita mezani kwa Victorine. Mwamvita mwenyewe angebaki na dola moja na nusu kwa kipande kabla ya ada na plastiki. Ni ndogo. Aliitazama mpaka akaizoea, kisha akamtumia Victorine bei mpya na ujumbe mrefu wa sauti, wenye pole nyingi na kikohozi katikati.

Jibu lilikuja jioni, wakati wa futari.

"Bei ni muzuri, mama. Aksanti. Lakini hapa hakuna mutu ataikuja kununua kwangu, hata nikiuza kumi. Bei umetengeneza. Jina yangu je? Kuja uwaambie."

Mwamvita alibaki na kikombe cha uji mkononi. Angeweza kutuma pesa. Angeweza kutuma vitenge vitano vya zawadi. Angeweza hata kurekodi sauti nyingine na kumwomba Mathilde aicheze mbele ya wenzake, na Mathilde angekubali, halafu simu ingeishiwa na chaji. Lakini kuja? Wamaza? Wakati wa mvua, na saumu, na mgongo huu? Alinung'unika usiku kucha hadi daku, na dada yake akamwambia kama haendi anyamaze, kama anaenda alale.

Akaenda, tarehe nane yenyewe, kwa sababu siku hiyo wanawake wote wangekuwa mahali pamoja. Waliondoka baada ya sala ya alfajiri. Msafiri ameruhusiwa kula, Bruno alimkumbusha hilo mara tatu kwa huruma, yeye Mkristo, na mara tatu Mwamvita akamwambia aangalie njia. Walisukuma pikipiki kwenye matope, wakavuka vijito viatu vikiwa mikononi, na mahali pamoja walilala ubavuni wote wawili, pikipiki juu ya mguu wa Bruno, wakacheka kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kulia. Walifika jua likiwa utosini.

Gwaride lilikuwa limekwisha. Kwenye kiwanja cha mpira, miavuli ya njano ilikuwa imejaa kila mahali: kwenye sketi, kwenye vilemba, hata mgongoni kwa watoto waliofungwa kwa mabaki. Kilikuwa kitenge kizuri, na Mwamvita, pamoja na uchovu wake wote, alijisikia fahari, akajichukia kidogo kwa hilo. Victorine alikuwa amesimama pembeni, chini ya upenu wa shule, amevaa kitenge cha zamani cha buluu. Hakumkimbilia mgeni wake. Alitikisa kichwa tu.

Mathilde, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya mto, alipoambiwa ni nani huyu, akapiga vigelegele. "Wamama! Huyu njo Mama Mwamvita wa Kasongo! Mwenye miavuli!" Wakampigia makofi, wakamletea kiti. Mmoja alitaka picha. Mwamvita hakukaa, maana alijua akikaa hataweza kuinuka tena.

"Aksanti, wamama. Sikukuja kwa picha. Nimekuja kusema bei." Akanyosha mkono kuelekea upenu wa shule. "Victorine ananunua kwangu kumi na nusu. Analipa moto, hii pikipiki ya Bruno. Kitenge ikimufikia hapa, imeshakuwa kumi na mbili. Anauza kumi na tatu. Iko dolare moja njo inabaki, na mule ndani kuna kodi ya soko. Hakuna mahali aliwaibia."

Minong'ono ikapita. Mathilde alikunja uso, anahesabu.

"Sisi tulitoa tisa na nusu."

"Ndiyo."

"Yeye, kumi na nusu?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye anakununulia tangu lini?"

"Tangu nilianza. Ni yeye wa kwanza."

"Na sisi ulitujua lini?"

"Siku mulituma pesa."

Mathilde akageuka akawatazama wenzake, kisha akamtazama Victorine kwa muda mrefu, akaweka mkono kifuani. Kisha akamrudia mgeni. "Basi mwizi hakuwa Victorine," alisema taratibu, na kiwanja kizima kikasikia. "Mwizi ni weye!"

Wakacheka. Kwanza wawili watatu, halafu wote, miavuli yote ikitikisika. Mwamvita alikuwa na jibu ulimini. Lilikuwa jibu zuri na la kweli: mzigo mmoja mkubwa una kazi ndogo, pikipiki inagawanyika, hata Kindu wanamuuzia yeye hivyo hivyo. Angewaeleza nao wangeelewa, maana Mathilde anajua hesabu kuliko wengi. Lakini macho yake yakaangukia kile kitenge cha buluu chini ya upenu. Akalimeza.

"Iko vile," alisema.

Kicheko kikapungua. Halikuwa jibu walilolitarajia. Mathilde alivuka kiwanja, akasimama mbele ya Victorine, akavua kilemba chake cha miavuli na kumfunga kichwani kwa mikono yake mwenyewe. Wengine wakasogea. Mmoja aliyekuwa ameuza vile vitatu vya bure akaanza kuomba radhi, akashindwa kumaliza. Victorine alilia sasa, kwa sauti, kama mtu aliyekuwa anasubiri ruhusa.

Baadaye Mathilde, ambaye hapotezi nafasi, alimwuliza Mwamvita kuhusu vitenge vya Pasaka. "Kwa bei ile?"

"Kwangu ni kumi na mbili, na moto juu yenu. Ao muongee na Victorine."

"Weye kweli ni mwizi," Mathilde akasema, na safari hii akamshika bega.

Ilibidi warudi kabla mvua haijarudi. Victorine alikuja hadi kwenye pikipiki na chupa ya maji na ndizi za kuchemsha, zimefungwa kwa kitambaa safi. "Ya kufungulia saumu," alisema. "Njiani itakukuta." Kisha akaongeza, akiwa anatazama kamba za pikipiki na si uso wa mwenzake: "Utume kumi. Bei ya wauzaji."

"Nitatuma kesho. Mama Victorine, unisamehe."

Victorine alikaza fundo la kitambaa cha ndizi. Watoto walikuwa wamekusanyika kando ya njia, na mmoja, mdogo kabisa, akaijaribu sauti yake: "Mwizi wa miavuli!" Wenzake wakaitikia kwa furaha, vidole vyote vikimwelekea Mwamvita. Bruno akataka kuwafukuza. Victorine akamzuia kwa mkono.

"Uwaache," alisema. "Ile jina nilibeba wiki tatu, mama. Weye ubebe kidogo."

Bruno akawasha pikipiki. Mwamvita akaweka ndizi mapajani, akashika chuma cha nyuma, na watoto wakakimbia nao hadi mwisho wa soko wakiliimba. Hakuwakemea. Alilibeba hadi Kasongo.